Tulikosea tarakimu, tukaibadilisha kimyakimya, sasa tunaambiwa tumekula bahasha. Tangazo la marekebisho liandikweje?

Mhariri_Kusini
Habari za jioni wakuu. Ninaendesha tovuti ndogo ya habari huku kusini, tuko watu wanne tu. Jumanne saa 1 asubuhi tulipandisha habari ya AMCOS moja ya korosho yenye kichwa kinachosema milioni 340 za wakulima zapotea. Chini yake tukaweka picha ya mhazini, mama mmoja anayefahamika sana hapo kijijini.

Jumatano usiku nikaipata ripoti yenyewe ya ukaguzi. Mwandishi wetu alikuwa ametumiwa picha ya ukurasa mmoja tu kwa simu. Kwenye jedwali kuna mstari wa malipo yote yaliyokaguliwa, Sh 341,200,000. Chini yake kuna mstari wa malipo yasiyo na viambatisho, Sh 34,650,000. Sisi tukauchukua ule wa juu.

Alhamisi saa 4 asubuhi nikaingia mwenyewe nikabadilisha 340 ikawa 34, nikanyamaza. Nilidhani yameisha. Kumbe watu walishapiga skrinshoti tangu Jumanne, na jana jioni kwenye magrupu zikawa zinazunguka mbili kwa pamoja, ya kwanza na ya pili, na maandishi juu: "Bahasha imefika, sifuri imeondoka." Nami sikupokea hata soda ya mtu.

Kibaya zaidi, yule mama Jumanne jioni alifuatwa nyumbani na watu kama kumi na tano wakidai chao.

Nataka kutoa marekebisho leo. Nimeandika hivi:

*"MAREKEBISHO: Kutokana na makosa ya kiuchapaji, baadhi ya takwimu katika habari yetu ya hivi karibuni kuhusu ushirika hazikuwa sahihi. Habari hiyo imeboreshwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."*

Inatosha?

Wakili_Mtarajiwa
Mkuu, usiandike chochote. Futa habari yote na picha, kaa kimya wiki mbili. Ukisema "tulikosea" umejiandikia ushahidi mwenyewe, na mama akienda mahakamani atakuja na karatasi yako mkononi.

Kalamu_ya_Zamani
Mhariri, pole. Niliwahi kukaa dawati la usanifu na uhariri miaka mingi, na hilo tangazo lako nimeliandika mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lisome kama yule mama.

"Makosa ya kiuchapaji." Si kweli. Hakuna kidole kilichoteleza hapo, mmesoma mstari usio wenu. Ukidanganya juu ya chanzo cha kosa, una makosa mawili. "Baadhi ya takwimu": zipi? Aliyesoma 340 Jumanne hajui kama unamsema yeye. "Habari ya hivi karibuni": ipi? "Imeboreshwa": nyumba huboreshwa, uongo hufutwa. Na "usumbufu wowote uliojitokeza" ni maneno ya umeme kukatika. Watu kumi na tano mlangoni kwa mama wa watu utaita usumbufu uliojitokeza?

Halafu hujaona kosa kubwa kuliko yote, nalo si sifuri. Ni neno "zapotea". Malipo yasiyo na viambatisho maana yake fedha ilitoka na karatasi ya kuonyesha imeenda wapi haikuonekana siku ya ukaguzi. Inawezekana imeibwa. Inawezekana pia stakabadhi iko kwenye droo ya karani. Mkaguzi ameandika lipi?

Mhariri_Kusini
Ameandika viambatisho havikuonekana wakati wa ukaguzi, uongozi uviwasilishe. Hakuna neno "kupotea" popote, na hakuna jina la mtu. Kichwa nilikiweka mimi, si mwandishi.

Kalamu_ya_Zamani
Basi hata baada ya kuondoa sifuri, habari yako mpaka dakika hii bado ni ya uongo. Inasema milioni 34 zimepotea.

Mhariri_Kusini
Duh. Ni kweli. Nimekiona sasa hivi.

Mwandishi254
Wadau, nikiwa Nairobi nitawapa ya huku. Kanuni za maadili zilizokuja na Sheria ya Baraza la Habari ya 2013 zinasema habari isiyo sahihi isahihishwe upesi, na kwamba marekebisho yatoe taarifa sahihi bila kurudia kosa. Kwa hivyo usiandike 340 tena wala "zapotea". Andika tu kwamba ni milioni 34 zisizo na stakabadhi, ukamilishe. Ukirudia kosa unalisambaza.

Kalamu_ya_Zamani
Ndugu yangu wa Nairobi, umeisoma nusu. Kanuni hiyo ina kipande cha mwisho: kosa lisirudiwe *isipokuwa pale inapohitajika ili ieleweke*. Hapa inahitajika sana, kwa sababu kilichobaki kichwani mwa watu ni 340. Ukisema "sahihi ni 34" bila kuitaja 340, wengine watadhani ni habari nyingine kabisa, na wengine watajumlisha.

Hofu ya kurudia kosa ilikuwa na nguvu zamani. Waliokuja kupima baadaye wameona kwamba kulitaja kosa mara moja, kwa maneno yanayoonyesha wazi kuwa si kweli, kunamsaidia msomaji kulibadilisha kichwani. Ubaya ni kulipamba, kuliweka kwenye kichwa cha habari na kulirudia mara nne.

Kuna jaribio moja ambalo watu wa dawati wangelijua tungepona mengi. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Johnson na Seifert, waliwasomesha watu taarifa za moto ulioteketeza ghala. Mwanzoni waliambiwa kwamba kwenye chumba kidogo kulikuwa na makopo ya rangi na mitungi ya gesi. Baadaye wakaambiwa hapana, chumba kile kilikuwa kitupu. Walipoulizwa walikumbuka vizuri kwamba taarifa ya kwanza ilifutwa. Lakini walipoulizwa kwa nini moshi ulikuwa mzito vile, wakarudi kwenye rangi na gesi. Kilichosaidia ni pale walipopewa sababu nyingine ya kushika, kwamba kulionekana dalili za mtu kuchoma kwa makusudi.

Ndiyo maana "si kweli" peke yake haitoshi, Mhariri. Ukiondoa 340 lazima uwaambie ile 340 ni nini. Ni jumla ya malipo yote yaliyopitiwa. Tarakimu ikipata kwao, watu wanaiacha iende.

Mama_Nasra
Naomba na mimi niseme, ingawa si mwandishi. Baba alipofariki tulilipia tangazo la tanzia gazetini. Tuliandika maziko saa 10 alasiri, wakatoa saa 7 mchana. Watu wamefika wamekuta kaburi halijachimbwa, wengine wakarudi zao. Siku ya pili yake, baba ameshazikwa, gazeti likatoa kijisehemu: "Tangazo la tanzia lililotoka jana lilikuwa na kosa la muda." Hawakumtaja marehemu wala muda sahihi. Shangazi yangu wa Lushoto mpaka leo anaamini sisi ndio tulibadilisha saa ili wao wasiwahi. Nimeikata ile karatasi ninayo, lakini nikimwonyesha inasaidia nini? Haina jina la baba yangu.

Kalamu_ya_Zamani
Pole sana mama. Mhariri, hiyo karatasi ya Mama Nasra iweke mbele yako unapoandika. Marekebisho ni kitu ambacho aliyeumizwa anapaswa kuweza kumwonyesha mtu asiyejua kitu, na mtu huyo akaelewa bila kuuliza swali.

Wakili_Mtarajiwa
Mimi bado nasisitiza afute.

Kalamu_ya_Zamani
Afute nini, bwana mdogo? Skrinshoti ziko kwenye simu za wilaya nzima. Akifuta habari, kinachobaki duniani ni nakala ya uongo peke yake, na yule mama anakosa hata mahali pa kuonyesha kwamba waliosema wamekana.

Ila kuna pahala uko sawa. Aongee na wakili kabla ya kutoa, maana ikifika kortini kila neno la tangazo litasomwa. Na asiingie kwenye mtego wa upande wa pili, akaandika "mhazini hana hatia". Hilo hulijui, Mhariri. Unachojua ni kwamba ripoti haikumtaja. Andika hilo, uishie hapo.

Mhariri_Kusini
Sawa. Jaribio la pili:

*"MAREKEBISHO: Habari yetu ya Jumanne ilisema Sh milioni 340 za wakulima zimepotea. Si kweli. Mwandishi wetu alisoma vibaya jedwali la ripoti. Milioni 340 ni jumla ya malipo yote yaliyokaguliwa. Tumesahihisha habari na tunamwomba radhi mhazini."*

Korosho_Daraja_la_Kwanza
Mimi ni mkulima na ni mwanachama wa AMCOS, sitasema ipi. Ahsante kwa taarifa. Kwa hiyo pesa zimeonekana zote? Maana sisi malipo ya pili hatujapata mpaka leo, na makato tumekatwa. Kama zipo watulipe.

Mhariri_Kusini
Hapana mzee wangu, sijasema zimeonekana. Kuna milioni 34 na ushee ambazo karatasi zake hazijaletwa.

Korosho_Daraja_la_Kwanza
Mbona hapo juu hujaandika? Umeandika si kweli, basi. Mimi nimeelewa hakuna tatizo.

Kalamu_ya_Zamani
Umepata msomaji wa bure kabla ya kuchapisha, mshukuru. Amesoma kama watu wote watakavyosoma. Rasimu ya kwanza ilificha kosa lenu, hii ya pili imeficha habari. Milioni 34.65 bado hazina viambatisho na wanachama wana haki ya kujua. Mhariri akiogopa huwa anarudi nyuma mno, mpaka anaifuta na ile sehemu iliyokuwa kweli.

La pili, "mwandishi wetu alisoma vibaya." Kichwa cha habari umesema mwenyewe ulikiweka wewe. Nani aliipitia kabla haijapanda? Nani aliamua kutompigia mhazini?

Mhariri_Kusini
Mimi.

Kalamu_ya_Zamani
Basi sema "sisi". Jarida la Rolling Stone la Marekani liliwahi kuchomeka hapo. Novemba 2014 walitoa habari nzito ya kubakwa kwa mwanafunzi wa chuo, ikaanza kuporomoka. Mwanzoni mwa Desemba mhariri akatoa barua kwa wasomaji ikisema imani waliyompa msichana waliyemhoji haikuwa mahali pake. Watu wakawaka: nyinyi hamkuwatafuta wanaotuhumiwa, sasa mnamtupia yeye? Wakaibadilisha barua, wakaandika kwamba makosa ni ya jarida. Lakini waliibadilisha bila kusema wameibadilisha! Marekebisho nayo yakahitaji marekebisho. Aprili 2015 ripoti ya shule ya uandishi wa habari ya Columbia ilipotoka, ndipo habari yenyewe ikaondolewa.

Unaona inafanana na nini? Alhamisi yako ya saa 4.

Mhariri_Kusini
Hiyo ya Alhamisi nilikuwa nafikiri nisiitaje. Wengi hawakuona nilipobadilisha.

Fundi_Tovuti
Wameona mkuu, ndiyo hizo skrinshoti mbili. Usipoitaja, tangazo lako litajibu swali ambalo hawaulizi. Wao hawaulizi kama ni 340 au 34. Wanauliza kwa nini ilibadilika bila maelezo. Hiyo bahasha ndipo ilipozaliwa.

Halafu mambo ya ufundi. Nimeiangalia linki yako, mwisho wake bado inasomeka `milioni-340-zapotea`. Umebadilisha kichwa lakini anwani haijabadilika, kila anayeituma anatuma uongo. Tengeneza anwani mpya na ile ya zamani uielekeze kwenye mpya, usiiue, maana walioihifadhi watakutana na ukurasa mtupu na wataamini mmefuta ushahidi.

Facebook nayo ina tabia ya kushikilia kichwa na picha ya kwanza. Ingia kwenye `Sharing Debugger`, bandika linki, bonyeza `Scrape Again`, la sivyo sura ya mama itaendelea kutokea kila mtu akishea.

Kwenye magrupu mliyotuma wenyewe Jumanne msiutafute ule ujumbe kuufuta. Ushikeni, mjibu juu yake palepale, ili marekebisho yatokee yakiwa yameshikana na kosa. Na fanya tangazo zima liwe picha moja inayosomeka kwenye simu bila kubofya. Watu wa bando la mia tano hawafungui linki kusoma radhi.

Mwandishi254
Na liwekwe juu kabisa ya habari, si chini. Wengi husoma aya mbili tu. Kuhusu kanuni nakubali nilisoma nusu.

Babu_wa_Maktaba
Msichelewe tu. New York Times mwaka 1853 waliandika habari za Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa akauzwa utumwani. Jina lake wakalikosea ndani ya habari, na kwenye kichwa wakalikosea kwa namna nyingine. Walisahihisha Machi 2014. Miaka 161! Mhariri bado una nafasi ya kuwashinda.

Mhariri_Kusini
😂 Babu, umenifanya nicheke leo mara ya kwanza. Nimeongea na wakili, akaondoa sentensi moja. Hili ndilo litakalopanda (majina nimeyatoa hapa tu):

*"MAREKEBISHO, Ijumaa saa 12 jioni*

*Jumanne tuliandika kwamba Sh milioni 340 za wakulima wa AMCOS ya ___ zimepotea. Si kweli, na ripoti ya ukaguzi haikusema hivyo.*

*Sh milioni 341.2 ni jumla ya malipo yote ambayo mkaguzi aliyapitia. Kati ya hayo, malipo ya Sh milioni 34.65 hayakuwa na viambatisho, na mkaguzi ameutaka uongozi uviwasilishe. Hakusema kwamba fedha hizo zimeibwa au zimepotea. Hakumtaja mtu yeyote kwa jina.*

*Tulisoma ukurasa mmoja wa ripoti badala ya ripoti nzima, tukachukua mstari wa jumla. Neno 'zapotea' tuliliweka sisi. Picha ya mhazini, Bi. ___, tuliitumia bila sababu yoyote iliyomo kwenye ripoti, na hatukumpigia simu kabla ya kuchapisha. Picha tumeiondoa.*

*Alhamisi saa 4 asubuhi tulibadilisha 340 kuwa 34 bila kuwaambia wasomaji, na neno 'zimepotea' tukaliacha. Hilo lilikuwa kosa la pili. Hakuna mtu aliyetuomba wala kutulipa tufanye hivyo.*

*Tunamwomba radhi Bi. ___ na wasomaji wetu. Kurasa za ripoti tulizozitumia tumeziweka hapa chini mzione wenyewe."*

Kalamu_ya_Zamani
Nina neno moja tu. "Hakuna mtu aliyetuomba wala kutulipa": hiyo itoe. Anayeamini bahasha hataacha kuamini kwa sababu umekanusha, na asiyejua ataanza kujiuliza. Kurasa za ripoti zitakusemea.

Fundi_Tovuti
Mimi sikubali. Tuhuma iko wazi magrupuni, akikaa kimya watasema ameikwepa. Aiache.

Mwandishi254
Aiache lakini ifupishwe.

Mhariri_Kusini
Nitaitoa. Nikiulizwa kwenye maoni nitajibu hapohapo kwa jina langu. Sina hakika, ila mkono unasita kuandika neno "kutulipa" kwenye kitu cha kumwomba mtu radhi.

Korosho_Daraja_la_Kwanza
Hii nimeielewa. Kwa hiyo hizo 34 zinaletewa karatasi lini?

Mhariri_Kusini
Ripoti haikuweka tarehe. Tutauliza uongozi na tutaandika watakavyojibu, hata kama hawatajibu.

Mhariri_Kusini *(Jumapili)*
Mrejesho wakuu. Lilipanda Ijumaa saa 12 na nusu. Usiku ule tulitukanwa vizuri, watu wakaondoka kwenye grupu letu, wengine wakaandika "afadhali mmekiri". Skrinshoti ya zamani bado inazunguka, ila sasa kila inapotokea kuna mtu anaiwekea picha ya marekebisho chini yake, na wala si sisi tunaoiweka.

Mwandishi wangu ameumia, anasema nimemkinga hadharani lakini ofisini kila mtu anajua ni yeye. Hilo sijajua nilifanyeje.

Jana nilikwenda kwa mhazini mwenyewe. Nilimwamkia, hakunikaribisha ndani, tukaongea uani. Alilisoma tangazo lote taratibu kwenye simu yangu, akarudi juu akalisoma tena. Akauliza kama naweza kulichapa kwenye karatasi na kugonga muhuri wa ofisi. Nikasema naweza. Akataka nakala mbili, moja ya kubandika ghalani siku ya mkutano wa wanachama, na nyingine atatembea nayo kwenye mkoba.

Mama_Nasra
Mpelekee tatu. Ya ghalani itachanwa.